Sema Kabla Upawa Haujaingia Sufuriani
Mhadhara juu ya kula nje na kupunguza uzito, Mantapala, wilaya ya Nchelenge



Nimeombwa nizungumze juu ya kupunguza uzito kwa mtu ambaye chakula chake cha mchana hakipiki yeye. Najua wapo waliojiuliza mada hii imefikaje Mantapala. Makazi haya yalifunguliwa mwanzoni mwa 2018 kwa ajili ya watu waliovuka kutoka Katanga ya Juu na Tanganyika, wengi wao wakiwa wamepitia kwanza kituo cha Kenani, na hesabu iliyotuumiza kichwa tangu wakati huo ni ya chakula kutosha. Hesabu hiyo haijaisha. Lakini ndani ya nyumba moja utamkuta mtoto aliyekonda kwa kukosa lishe, na bibi yake ana presha, ana sukari, na magoti hayampandishi tena mlima kwa sababu ya uzito. Wote wawili wana shida ya chakula, ila dawa zao ni tofauti. Leo naongea na huyo bibi, na wengine ambao wauguzi wamewaambia wapunguze kilo. Mjamzito, mama anayenyonyesha mtoto mchanga, mtoto, mgonjwa wa kifua kikuu, na yeyote anayepungua bila kujua sababu, haya si yenu. Anayepungua bila sababu aende zahanati kesho asubuhi.

Sasa tuingie kwenye sahani.

Mnazijua kaunta ninazozisema. Ziko Kashikishi karibu na soko na pale samaki wanaposhushwa, ziko kando ya barabara, na hapa kwenye makazi pia wapo wamama wenye meza na sufuria mbili tatu. Zipo za aina mbili. Ya kwanza ni ya bukari: sufuria kubwa ya bukari, sufuria ya samaki au nyama, sufuria ya sombe, kisamvu kama wanavyosema wengine, na mama mwenye upawa. Ya pili ni ya kabati la kioo: chipsi, kuku wa kukaanga, soseji, sambusa, na soda kwenye friji. Mtu anayetaka kupungua huwa anajiuliza aende kwenye kaunta ipi. Mimi nasema swali la kwanza ni lini ufungue mdomo. Ukishapewa sahani iliyojaa, umeilipia, una njaa, na bukari ina moto, hutaacha kitu. Mimi pia siachi. Kwa hiyo kazi yote ifanyike kabla upawa haujaingia sufuriani, na maneno yenyewe ni machache.

Tuanze na bukari, kwa sababu hapo ndipo penye uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mama wa kaunta huchota kwa upawa aliouchovya kwenye maji ili bukari isishike, na kila mchoto unatoka bonge moja laini la mviringo. Bonge la kawaida la mkahawani lina uzito wa gramu 200 hivi. Gramu 100 za bukari ngumu iliyoiva zina kalori kama 120. Bonge moja basi ni kalori 240, na matatu, ambayo ndiyo sahani ya kawaida kwa mtu mzima, ni 720. Hapo bado hatujagusa mboga.

Nikisema hivyo huwa naulizwa: je, bukari ya muhogo si afadhali? Sisi wa Luapula tunakula muhogo, au muhogo uliochanganywa na mahindi, na wapo wanaoamini kwamba bukari ya muhogo hainenepeshi. Kwa kalori hakuna tofauti ya maana, unga wowote wa wanga ukipikwa mgumu unakaribiana na mwingine. Tofauti iko mahali pengine. Unga wa mahindi una protini gramu 8 hivi katika kila gramu 100, ilhali wa muhogo una gramu moja au mbili tu. Protini ndiyo inayomfanya mtu ashibe na kubaki ameshiba. Anayekula bukari ya muhogo na mchuzi mtupu atakuwa na njaa saa kumi, atanunua vitumbua, na mwisho wa siku amekula zaidi. Kwa hiyo ukiwa kwenye kaunta ya muhogo, samaki si kitoweo cha kuonja tu. Ndiye anayekubeba mpaka jioni. Punguza bonge, usipunguze samaki.

Hili nalisisitiza kwa sababu wengi hufanya kinyume. Mtu akitaka kupungua na pia kubana pesa, anaacha samaki ambaye ni ghali, anabaki na bukari ambayo ni rahisi. Wiki mbili baadaye anakuja kupimwa, mshale wa mizani uko palepale, na anaamini mwili wake una laana. Hauna. Alikata kile kilichokuwa kinamsaidia.

Jambo la pili ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni karibu kalori 120, yaani nusu ya bonge la bukari, na hakijazi tumbo hata kidogo. Kwenye kaunta ya bukari mafuta yanaingia kwa milango miwili. Mmoja ni samaki: yule aliyechemshwa na nyanya na kitunguu na yule aliyezamishwa kwenye mafuta ni samaki wawili tofauti, ijapokuwa wametoka wavu mmoja. Nyama yake akichomwa au kuchemshwa ni kalori 130 hivi kwa gramu 100. Akikaangwa, sehemu ya maji yake inatoka na mafuta yanachukua nafasi. Mlango wa pili ni ule mchuzi unaomwagwa juu. Mama wa kaunta anafanya kwa upendo, anachota juu ya sufuria kule kunakong'aa, na kuimwagia bukari yote. Kule kunakong'aa ndiko mafuta yalikoelea. Upawa mmoja wa namna hiyo unaweza kuwa na kijiko kikubwa cha mafuta au zaidi, na bukari huyanywa yote, hutaona kitu kimebaki kwenye sahani.

Njia ya kujua ni rahisi. Omba mchuzi kwenye bakuli peke yake, uuache utulie kidogo. Utando wa mafuta utajitokeza juu. Ukiwa mwembamba, chovya tonge lako ule. Ukiwa mzito, usukume pembeni kwa kijiko, uchovye chini. Ukimaliza kula na midomo na vidole bado vinateleza baada ya kunawa kwa maji ya baridi, sahani hiyo ilikuwa na mafuta mengi kuliko ulivyodhani.

Sombe inataka neno lake. Majani yenyewe hayana shida, ni chakula kizuri sana. Lakini sombe ya kaunta mara nyingi imetiwa mawese au karanga za kutwanga, na gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 550. Sisemi uache karanga, nasema usihesabu sombe ya karanga kama jani tupu. Ikiwa kuna lengalenga au majani ya maboga yaliyopikwa kwa nyanya, hiyo ndiyo ya kuombea nyongeza.

Kwenye kabati la kioo mambo ni mafupi. Viazi vya kuchemsha vina kalori kama 85 kwa gramu 100, na viazi hivyo hivyo vikiwa chipsi vinafika karibu 300, kwa sababu maji yametoka na mafuta yameingia. Sahani ya chipsi gramu 250 ni 750, zaidi ya yale mabonge matatu ya bukari, na shibe yake ni ndogo. Ndiyo sababu nasema mtu anayetaka kupungua asiione bukari kuwa adui wa kwanza. Bukari mabonge mawili na samaki wa kuchemsha inaishinda chipsi kuku mbali sana. Ukilazimika kula pale, chukua kipande cha kuku, toa ngozi ambako mafuta mengi yako, uombe chipsi nusu sahani au ule na mwenzako. Soseji iache, huwezi kuitoa ngozi wala kuikamua, mafuta yamo ndani pamoja na chumvi nyingi, na mwenye presha haitaki hiyo chumvi. Kachumbari ya kabichi ni nzuri ikiwa kabichi na nyanya tu. Ikiwa nyeupe na nzito, hiyo ni mayonezi, na mayonezi ni mafuta.

Kisha kinywaji. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina sukari gramu 32 hivi, vijiko vya chai vinane vilivyo sawasawa, kalori kama 130. Mwili hauioni kama chakula: baada ya kuinywa hupunguzi tonge hata moja. Maheu na munkoyo uliotiwa sukari watu huviona kuwa vya asili na hivyo havihesabiki. Vinahesabika. Maheu ni uji wenye sukari, ukinywa chupa yake umekula, kwa hiyo iwe mahali pa chakula, usiiongeze juu yake. Maji ya kunywa yaliyo salama, uliyobeba mwenyewe kutoka nyumbani kwenye chupa, hayana gharama ya kaunta wala kalori.

Sasa tufanye hesabu moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Tuchukue mama wa miaka 50, urefu mita 1.60, uzito kilo 86. Anauza vitenge Kashikishi, anaondoka nyumbani alfajiri na kurudi jua linapotua. Mwili wake, kwa umri huo na kazi ya kusimama na kutembea, unatumia kalori kama 2,250 kwa siku. Makadirio haya yanaweza kukosea kwa mia mbili huku au kule, lakini yanatosha kwa kazi yetu.

Asubuhi anakula vitumbua vinne na chai yenye vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa. Kitumbua kimoja ni kama kalori 160, kwa hiyo pamoja na chai tuseme 700. Mchana: mabonge matatu 720, samaki wa kukaanga 300, mafuta ya mchuzi uliomwagwa 150, mboga 80, soda 130. Jumla 1,380. Jioni anakula na wajukuu, bukari na mboga, tuseme 700. Siku nzima ni 2,780. Anazidisha zaidi ya 500 kila siku, na yeye anaapa kwamba hali kupita kiasi. Ana haki ya kuapa. Hajala sherehe wala hajaongeza sahani, amekula kile ambacho kila mtu pale sokoni amekula.

Tumwombe abadilishe machache tu. Mchana anamwambia mama wa kaunta, mapema, pesa ikiwa bado mkononi: "Mama, unipatie mabonge mawili, si matatu. Samaki yule wa kuchemsha. Mchuzi utie kwa bakuli, usimwage juu. Na mahali pa lile bonge uniongezee mboga." Bonge moja limetoka, 240. Samaki wa kuchemsha badala ya kukaanga, kama 100. Mchuzi pembeni, 100. Soda imekuwa maji, 130. Hapo ni 570. Asubuhi vitumbua viwili badala ya vinne, na yai moja la kuchemsha mahali pake: vinatoka 320, vinaingia 75. Kwa siku amepunguza zaidi kidogo ya 800. Jioni hatukuigusa, kwa sababu chakula cha familia kwenye sahani moja ni jambo gumu kulipimia na sikutaka aanze na vita nyumbani.

Tazameni sasa hizo 800 zinakwenda wapi. Zaidi ya 500 zinaziba tu kile alichokuwa akizidisha. Zinazobaki, kama 300, ndizo zinazopunguza mwili. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700. Mia tatu kwa siku ni 2,100 kwa wiki, yaani robo kilo na kidogo, kilo moja hivi kwa mwezi. Wengi wakisikia kilo moja kwa mwezi wanavunjika moyo, maana jirani amewaambia juu ya chai fulani inayotoa kilo tano kwa wiki. Chai hiyo inakuharisha, unachopoteza ni maji, na ukinywa maji kilo zinarudi. Huyu mama akiendelea hivi miezi minne au mitano atakuwa ametoa karibu asilimia 5 ya uzito wake, kilo 4 na kitu, na hapo ndipo presha na sukari huanza kushuka kwa namna inayoonekana kwenye kipimo. Baadaye kasi itapungua, kwa sababu mwili mwepesi unatumia kidogo. Hiyo ni kawaida, na ndipo itabidi jioni nayo iguswe.

Ajue vipi kwamba inafanya kazi? Ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, kwenye mizani ile ile na nguo nyepesi. Akijipima kila siku ataona kilo moja ikipanda na kushuka kwa sababu ya maji na chumvi ya samaki mkavu, na atachanganyikiwa bure. Kwa asiye na mizani, utepe wa fundi cherehani unatosha, upite juu ya kitovu, asivute tumbo ndani. Kwa mwanamke zaidi ya sentimita 80, na kwa mwanamume zaidi ya 94, ni alama kwamba mafuta ya tumboni yamezidi. Utepe ukilegea huku mizani imesimama, bado anakwenda vizuri.

Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni huruma ya muuzaji. Ukimwambia mabonge mawili anaona utadhani anakuibia, kwa hiyo anachota mawili makubwa yanayolingana na matatu. Yaangalieni. Ndiyo sababu ya kuomba kitu badala yake, mboga au kipande cha samaki kilichozidi kidogo, ili naye aone amekutendea haki kwa pesa yako. Mkishazoeana hutasema tena, atakuona unakuja na atajua. Kinachoharibu pia ni kuruka chakula cha mchana kabisa. Mtu anafunga mpaka saa kumi na mbili, anafika nyumbani anatetemeka, na jioni anakula ya mchana na ya jioni pamoja.

Kuna jambo moja ambalo ni la hatari na nalisema polepole. Mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi au anayejidunga insulini asipunguze bukari kabla hajaongea na muuguzi au daktari wake. Dawa hizo zinashusha sukari hata kama hukula, na kipimo chake kiliwekwa kwa yale mabonge matatu. Ukila mawili na kumeza kidonge kile kile, sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, mpaka kuanguka. Ikikutokea, hapo soda yenye sukari inywe mara moja, hapo ni dawa, kisha uende zahanati. Anayemeza metformini peke yake hana hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini naye amwambie mhudumu wake kwamba ameanza kubadilisha chakula. Vivyo hivyo wa presha: uzito ukishuka, dawa huenda zikahitaji kupunguzwa, na anayezipunguza ni yule aliyeziandika.

Mzee mmoja hapa mbele ameuliza swali zuri kabla hatujaanza, atafanyaje wakati ziwa limefungwa. Kweli, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi unasimamishwa upande wa Zambia, samaki wabichi wanaadimika Kashikishi, bei inapanda, na kaunta zinageukia kuku, soseji na samaki wa barafu kutoka mbali.  Chisense waliokaushwa, wale dagaa wa Mweru, wanakaa na wana protini nyingi sana. Mwenye presha awaloweke kwanza au amwombe mama wa kaunta sehemu iliyooshwa vizuri, kwa ajili ya chumvi na mchanga. Wakikaangwa wakavu mpaka wakakakamaa wanabeba mafuta mengi kuliko udogo wao, kwa hiyo waombe wa nyanya.

Na wakikosekana hao, maharage yapo mwaka mzima. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina kalori kama 220 na protini gramu 15, na kinashibisha kuliko soseji mbili. Hayo nayo hupikwa kwa mafuta, na mafuta huelea. Mwambie mama atumbukize upawa mpaka chini ya sufuria.